Viti vya Mbele Ndivyo Vinavyoiongoza Kamera ya Mkutano

Kamera ya chumba cha mikutano inayojipangia picha yenyewe huuzwa kwa ahadi rahisi: ichomeke, kaa, anza kikao. Baada ya wiki chache malalamiko huanza. Kamera inatangatanga. Imeng'ang'ania ukuta. Imemkata mwenyekiti kichwa. Au, na hili ndilo la kila siku, wenzenu walio upande wa pili hawaoni chumba hata kidogo. Wanaona kidevu cha aliyeleta kompyuta mpakato, kwa sababu mkutano umefunguliwa kwa kamera ndogo ya kompyuta hiyo huku ile ya gharama ikikaa chini ya televisheni bila kazi.

Malalamiko haya yote huwekwa kwenye kapu moja na kuitwa ubovu wa kamera, na hapo ndipo mafundi wengi hupotezea muda. Kuna vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina makao yake. Jinsi kamera inavyowafuatilia watu huhifadhiwa ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo ukiipanga mara moja, kila anayeingia chumbani hukuta mpangilio uleule. Lakini uamuzi wa kamera ipi itumike huhifadhiwa ndani ya kompyuta, tena ndani ya kila programu ya mikutano peke yake. Ukishalijua hilo, unajua pia mahali pa kwenda kutafuta kosa.

Nitatumia mfano wa Poly Studio, kifaa kirefu chembamba kinachobeba lenzi, spika na safu ya maikrofoni kwa pamoja. Kilitoka mwaka 2019, na kampuni ya Poly ikanunuliwa na HP mwaka 2022. Nimekichagua kwa sababu kinafanya aina zote mbili za ufuatiliaji ambazo mtu atazikuta pia kwenye vifaa vya Logitech, Jabra au Huddly, ingawa majina ya vitufe hubadilika.

Watu wengi hudhani kamera hii hugeuka. Haigeuki. Lenzi yake pana, ya nyuzi 120 kutoka kona hadi kona, inaona chumba kizima wakati wote kwa picha ya pikseli 3840 kwa 2160. Ndani ya kifaa, kompyuta ndogo hutafuta maumbo ya watu kwenye picha hiyo, huchora mstatili unaowazunguka, huacha nafasi kidogo pembeni, kisha hukata kipande hicho na kukituma kwa waya wa USB. Zoom au Teams hupokea kile kipande tu. Haijui kwamba kuna picha kubwa zaidi, wala haina uwezo wa kuamua nani aonekane.

Kukata huku kuna mpaka wake, na ni vizuri kuuelewa kabla ya kugusa mpangilio wowote. Kwa lenzi ya upana huo, kila mita moja mbele ya kamera inafunika karibu mita tatu za upana. Chukua chumba cha kawaida cha ofisi, urefu mita sita na upana mita nne, televisheni na kamera vikiwa kwenye ukuta mfupi. Ukisogea zaidi kidogo ya mita moja na robo kutoka kwenye lenzi, kamera tayari inaona ukuta hadi ukuta. Kadiri unavyoenda mbali, sehemu kubwa ya picha inakuwa ni kuta. Mjumbe aliyekaa mwisho wa meza, mita nne na nusu kutoka kwenye kamera, uso wake wenye upana wa sentimita 15 hivi unapata pikseli zipatazo 42 tu. Hata ukuze vipi, pikseli hizo haziongezeki, zinanyooshwa tu.

Sasa tazama wanaokaa viti viwili vya kwanza, mmoja kila upande wa meza, mita 1.2 kutoka kwenye kamera na sentimita 90 kutoka katikati. Mstatili lazima uwajumuishe wote wawili. Kwa umbali huo wanashika nusu nzima ya upana wa picha, bado hujahesabu nafasi ya pembeni. Kamera haina njia ya kukaza zaidi ya hapo bila kumkata mtu. Yule wa mwisho wa meza atabaki kidole tu, na watu watasema kamera imeshindwa.

Vuta viti hivyo viwili nyuma sentimita 60, vikae mita 1.8 kutoka kwenye kamera. Watu walewale, kwa nafasi ileile kutoka katikati, sasa wanashika theluthi ya upana wa picha. Kamera inakata kipande chembamba zaidi, chenye pikseli 1280 hivi, na uso wa yule wa mwisho unaonekana mkubwa kwa nusu yake zaidi ya ulivyokuwa. Ukali wa picha hauharibiki kwa namna ya kulalamikiwa, kwa sababu mara nyingi programu za mikutano hutuma picha ya 1280 kwa 720 au ndogo zaidi. Hakuna kitufe katika programu yoyote kitakachokupa faida kubwa kama kusogeza viti hivyo viwili. Ndiyo maana mimi huanzia kwenye meza, halafu ndipo naenda kwenye mipangilio.

Mipangilio yenyewe inafunguliwa kwa programu ya Poly Lens, iliyowekwa kwenye kompyuta iliyounganishwa na kamera. Katika sehemu ya kamera utakuta mambo matatu ya msingi: `Tracking Mode`, yaani kamera imfuate nani, `Tracking Speed`, yaani ibadilike kwa haraka kiasi gani, na `Framing Size`, yaani iwabane watu au iwaachie nafasi. Maneno hayo yanaweza kutofautiana kidogo kulingana na toleo, lakini kazi ni hizo tatu.

Uamuzi mzito ni wa kwanza. Kamera inaweza kulifuata kundi au kumfuata mzungumzaji. Ikilifuata kundi, inatazama tu watu wako wapi na kuwaweka wote ndani. Itasogea mtu akiingia, akitoka au akihama kiti. Ikimfuata mzungumzaji, inatumia pia masikio. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo sauti inayotoka kushoto hufika kwenye maikrofoni ya kushoto mapema kidogo kuliko ya kulia. Kwa maikrofoni zilizoachana sentimita 10, tofauti hiyo haizidi theluthi moja ya elfu ya sekunde. Kifaa hupima tofauti hizo, hukisia sauti imetoka upande gani, hutafuta uso ulio upande huo, kisha humkaribia mwenye uso.

Ni kazi ya kustaajabisha, na katika chumba chenye zulia, mapazia na watu wanaosubiri zamu hufanya vizuri. Vyumba vyetu vingi si vya namna hiyo. Sakafu ni ya vigae, kuta ni za saruji, upande mmoja ni kioo. Sauti hugonga kioo na kurudi, na kamera hugeukia mahali ambapo hakuna mtu aliyezungumza. Kisha kuna desturi yetu ya kuitikia. Mwenzetu akizungumza tunamsindikiza: naam, ndiyo, kabisa, hapo sawa. Kwa adabu yetu ukimya mzito wakati mtu anaeleza jambo ni ishara mbaya. Lakini kwa kamera iliyowekwa kumfuata mzungumzaji kwa kasi ya juu, kila itikio ni mzungumzaji mpya. Walio upande wa pili wanaona picha ikiruka kutoka uso hadi uso mpaka kichwa kinawauma.

Kwa chumba cha watu wasiozidi wanane, shauri langu ni kulifuata kundi, kasi iwe ndogo, na ukubwa wa fremu uwe wa kati. Kumfuata mzungumzaji kuachwe kwa meza ndefu ambako wa mwisho hawezi kutambulika kwa njia nyingine, na hapo pia kasi ishushwe, ili mtu aongee sekunde kadhaa ndipo kamera imwendee. Fremu ya kubana inavutia unapoijaribu, lakini mtu akiegemea kiti au akinyoosha mkono kuchukua chai, kichwa au bega hutoka nje ya picha na kamera huanza tena kujipanga.

Kuna makosa ambayo hayatibiki kwa mipangilio, na yana dalili zake. Ikiwa kamera inapenda kuacha nafasi kubwa upande ambao hakuna mtu, tazama kuna nini upande huo. Ukuta wa kioo unaoelekea ukumbini huiletea wapita njia, na kila anayepita huhesabiwa kuwa mjumbe. Picha za ukutani nazo huweza kuihadaa. Katika ofisi nyingi za Tanzania picha ya Rais na ya Baba wa Taifa hutundikwa mahali pa heshima, mara nyingi ukuta unaotazamana na televisheni, juu ya mwenyekiti. Huko ndiko hasa kamera inakotazama. Namna ya kujua ni rahisi. Wote watoke chumbani, na mtu mmoja abaki kwenye kompyuta nje ya upeo wa lenzi akitazama picha. Kamera iliyo sawa hurudi kwenye picha pana baada ya muda mfupi. Ikiendelea kubana sehemu fulani, basi kuna kitu pale inachokiona kama mtu. Dawa ni kuhamishia kamera ukuta mwingine, au kuzihamisha picha kwa utaratibu wa ofisi ziende ukuta wa pembeni, zikabaki mahali pa heshima.

Mwanga ni jambo ambalo natamani lipewe uzito zaidi. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Mtu mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya ukuta mweupe au dirisha la saa nne asubuhi, kamera huona mwanga mwingi, hupunguza, na uso wake unabaki giza. Uso wa giza hauonekani vizuri na wenzake, na pia ni mgumu kutambuliwa na mashine. Mtafiti Joy Buolamwini amesimulia jinsi alivyolazimika kuvaa barakoa nyeupe ili mfumo wa kutambua nyuso umwone. Vifaa vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini mwanga mbaya bado unaumiza nyuso zetu kuliko za wengine. Basi ukimwona mjumbe mmoja anaachwa nje ya fremu mara kwa mara, usimwambie asogee. Funga pazia lililo nyuma yake, washa taa iliyo mbele yake, kisha tazama tena.

Baada ya hapo kamera iko tayari, na kazi inahamia kwenye kompyuta. Hapa watu hutafuta kitufe kimoja cha kuifanya kamera ya chumba kuwa chaguo-msingi kwa kila kitu. Kwenye Windows hakuna kitufe hicho. Spika na maikrofoni vina chaguo-msingi la mfumo mzima, lakini kwa kamera kila programu huamua yenyewe.

Kwenye Zoom, fungua `Settings`, kisha `Video`, na chini ya picha ya majaribio chagua jina la kamera ya chumba mahali palipoandikwa `Camera`. Kama mkutano umeshaanza, bonyeza mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha video na uchague hapo, Zoom itaikumbuka. Kwenye Teams, bonyeza nukta tatu karibu na picha yako, nenda `Settings`, kisha `Devices`, na kamera iko humo, nayo ina picha ya kuonyesha unachokipata. Google Meet hufanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo ina hatua ya ziada: kivinjari chenyewe nacho kina kamera yake. Kwenye Chrome, andika hii mahali pa anwani, kisha chagua kamera ya chumba kwenye orodha iliyo juu:

```
chrome://settings/content/camera
```

Ukiwa humo, usisahau kuchagua maikrofoni na spika za chumba pia katika programu ya mkutano. Chaguo la kamera haliburuti sauti pamoja nalo. Nimeona vikao vizima ambapo picha inatoka kwenye kamera ya chumba huku sauti ikitoka kwenye kompyuta iliyo mwisho wa meza, na kila mtu anashangaa mbona mwenyekiti anasikika kama yuko kisimani.

Mtego wa kumbukumbu hii ni kwamba programu hukumbuka kamera iliyoiona. Ikifunguliwa kabla kamera ya chumba haijaunganishwa, haitaingoja; itachukua iliyopo, yaani ya kompyuta mpakato, na mara nyingine itaendelea nayo hata baada ya waya kuchomekwa. Umeme ukikatika na kurudi, hali ni ileile. Kompyuta mpakato haikuzima kwa sababu ina betri, lakini kamera ya ukutani inawaka upya na kuchukua muda wake kabla ya kuonekana. Wakati huo programu imeshahamia kwenye kamera ndogo na hairudi yenyewe. Utaratibu unaozuia haya ni kuchomeka kwanza, kungoja taa ya kamera itulie, ndipo ufungue programu. Umeme ukirudi katikati ya kikao, bonyeza ule mshale wa kando ya kitufe cha video na uichague kamera upya.

Chumba kikiwa na kompyuta yake ya kudumu, kuna njia ya mkato nzuri. Kwenye Windows 11, fungua `Settings`, `Bluetooth & devices`, `Cameras`, chagua kamera iliyojengwa ndani ya kompyuta, kisha bonyeza `Disable`. Programu zote zitabaki na kamera moja ya kuiona. Usifanye hivyo kwenye kompyuta ya mtu binafsi. Akifika nyumbani atajikuta hana kamera na hatajua kwa nini.

Dalili tatu zilizobaki zinafaa kujulikana, kwa sababu hufanana na ubovu na si ubovu. Ya kwanza: jina la kamera lipo kwenye orodha lakini picha ni nyeusi au programu inasema haiwezi kuanzisha video. Kwa kawaida programu nyingine imeishika, na mara nyingi ni ile Poly Lens uliyoiacha wazi ikionyesha picha ya majaribio. Ifunge. Ya pili: picha inabanwa mara mbili, vipaji vya nyuso vinakatwa hata fremu ikiwa pana. Hapo programu nayo inakata. Google Meet ina `Framing` yake, na vifaa vya Apple vina `Center Stage`. Zima ya programu, acha kamera ifanye kazi peke yake. Ya tatu: picha ina ukungu au inakwama ingawa mtandao ni mzuri. Tazama waya. Picha ya 1920 kwa 1080 isiyobanwa, fremu 30 kwa sekunde, inahitaji karibu megabaiti 124 kila sekunde, na USB 2.0 haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo kamera hulazimika kuibana picha au kuipunguza. Waya mrefu wa bei nafuu ulionunuliwa ili ufike mwisho wa meza mara nyingi ni wa USB 2.0. Tumia waya uliokuja na kifaa, au wa kurefusha wenye kikuza mawimbi chake.

Anayesimamia chumba ana kazi ya nusu siku hapa: kusogeza viti vya mbele na kuweka alama sakafuni, kupanga ufuatiliaji ndani ya kamera mara moja, kufanya jaribio la chumba kitupu, kisha kubandika karatasi chini ya televisheni. Karatasi iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na isizidi mistari minne: chomeka waya, ngoja taa itulie, fungua programu, chagua kamera, maikrofoni na spika za chumba hiki. Iandikwe pia jina halisi la kamera kama linavyosomeka kwenye orodha, kwa sababu mgeni anayeleta kompyuta yake hana namna nyingine ya kulijua.